Kutoka lubunga hadi kartie: mzee kati ya Fizi na Baraka

Barabara ya taifa namba 5 inashuka kutoka mji wa Fizi, uliokaa mlimani, hadi Baraka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ni njia iliyopitiwa na wapagazi wa pembe za ndovu, askari wa Leopold, Simba wa mwaka 1964 na wakimbizi wa mwaka 1996. Naifuata kwa swali moja: katika nchi hii ya Wabembe, ni nani aliyeamua kwamba mtu fulani sasa ni mzee? Jibu limebadilika kila njia hii ilipopata mwenye kuitawala, na kila lilipobadilika kuna watu waliopoteza kauli.

Zamani miaka peke yake haikumfanya mtu mzee. Mvulana alipita butende, yaani jando, akawa mwanamume. Alioa, akajenga, akapata watoto, na polepole akapata nafasi ya kukaa na kusema kwenye lubunga, pale wanaume wa kijiji walipokutana kuzungumza, kusuluhisha na kukata mashauri. Kulikuwa pia na Bwami, chama ambacho Wabembe wanashiriki na jirani zao Walega, chenye ngazi ambazo mtu alizipanda kwa mali, mafunzo na uungwaji mkono wa ukoo. Wawili waliozaliwa msimu mmoja wangeweza kuwa mbali sana kwa hadhi: huyu amepanda, yule amebaki chini na mvi zake. Na kwa kuwa Wabembe hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote, hadhi hiyo ndiyo iliyobeba utawala. Lubunga haikumshauri mtawala aliye juu yake. Ilikata shauri yenyewe.

Wabelgiji walilikuta jambo hili likiwasumbua. Walitaka shefu mmoja wa kuulizwa kodi, wakakuta wazee wengi wa koo nyingi. Ndiyo maana mpaka leo Fizi imegawanywa katika sekta, si katika ushefu mkubwa wa kimila kama ule wa Wafuliiru au Washi. Sekta hizo ni nne: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Bwami nayo ilionekana ni serikali ndani ya serikali, na mwaka 1948 utawala wa kikoloni ukaipiga marufuku.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na daftari. Utawala uliwahesabu wanaume kwa kundi moja lililowahusu: mwanamume mtu mzima mwenye nguvu. Aliyeandikwa humo alilipa kodi, alilima mazao ya lazima kama pamba, na alitoa siku za kazi. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa hadi 120. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo, hivyo umri ulikadiriwa na mtu mwingine, na mwili ndio uliokuwa ushahidi. Fikiria maana yake kwa familia. Kufutwa kwenye orodha kulikuwa nafuu, kwa hiyo uzee uliokuwa cheo cha kupandia ukawa pia msamaha wa kuombea. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa mzee kwa sababu hafai tena kazi. Naamini hapa ndipo fikra ya leo ilipoanzia, ile ya kumwona mzee kuwa mzigo wa kutunzwa. Haikutoka milimani. Ilishuka kutoka ofisini.

Mwaka 1964 ulipofika, vita ambavyo watu wa hapa huviita vya Mulele viliwapa bunduki vijana ambao wakati huo hawangepewa hata zamu ya kusema mbele ya wazee. Fizi na Baraka zikawa ngome ya waasi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba, akiwa na miaka 36, akijiita Tatu. Kiongozi aliyemsubiri kwa wiki nyingi, Laurent-Désiré Kabila, alikuwa na miaka 25. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walitua karibu na Baraka, na Novemba Che akaondoka. Kabila alibaki, na mwaka 1967 akaunda chama cha PRP, ambacho kwa miaka mingi kiliendesha eneo lake katika milima hii.

Katika vita hivyo mamlaka ya wazee hayakufutika yote. Wapiganaji walipakwa dawa na mganga na kupewa miiko: usiibe, usimguse mwanamke, usiogope. Kijana aliyemwamuru baba yake kwa bunduki alimtii mganga kwa hofu ya risasi. Lakini shauri la kijiji sasa lingeweza kukatwa na kamanda wa miaka 20, na hilo halikusahaulika. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1997, Kabila aliingia Kinshasa akiwa na miaka 57, na nchi nzima ikamwita Mzee. Kijana aliyeinuka wakati lubunga inapokonywa kauli akawa mwenye jina la heshima la lubunga. Hakulipata kwa umri tu, maana Mobutu, ambaye yeye alimwondoa madarakani, alikuwa amemzidi kwa miaka 9. Alilipata kwa kiti.

Hapa njia inaingia majini. Oktoba 1996, vita vilipoanza tena, maelfu ya watu wa Fizi walipanda mitumbwi kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Novemba mwaka huo. Huko kulikuwa na daftari jingine. Kadi ya mgao ilitaka tarehe ya kuzaliwa, na mtu aliyejua tu kwamba alizaliwa kabla au baada ya Mulele aliandikiwa Januari 1 ya mwaka fulani. Mstari wa uzee kwa mashirika ya misaada ulikuwa miaka 60. Aliyeuvuka alihesabiwa pamoja na wajane, wagonjwa na wenye ulemavu, katika orodha ya watu wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Msaada huo ulikuwa wa lazima na uliokoa maisha. Hata hivyo, mtu aliyekuwa akigawa ardhi sasa alikuwa anapanga foleni ya unga, na kitu alichokijua kuliko wote, mipaka ya kijiji chake, hakikuwa na kazi kambini. Wajukuu walisoma mtaala wa Kongo katika madarasa ya Nyarugusu na kurudi nyumbani wakijua mikoa yote ya nchi ambayo hawakuwahi kuikanyaga.

Safari ya kurudi kwa msaada wa UNHCR ilianza Oktoba 2005, kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Na hapo mzee akapata tena thamani kwa ghafla. Baraka ilifurika. Kulikuwa na wanaorudi, walioshuka kutoka milimani kukimbia vita visivyokwisha, wafanyabiashara wa ndagala, wafanyakazi wa mashirika. Kila mmoja alitaka kiwanja, na vingi vilikuwa na mtu tayari.

Tuchukue shauri la aina moja, maana mengi yanafanana nalo. Familia imeondoka mwaka 1996 na kuacha shamba la mihogo pembeni mwa Baraka. Inarudi mwaka 2006 na kukuta nyumba tatu. Wenye nyumba wanasema waliuziwa na mtu wa ukoo uleule aliyebaki. Baba aliyejua mpaka amefia kambini, mwana alikuwa na miaka 9 walipovuka. Anayebaki ni mzee jirani: anakumbuka mwembe wa pembeni, mkondo wa maji, na nani alimpa nani ruhusa ya kulima bila kumpa ardhi. Tofauti hiyo, kati ya kupewa ardhi na kupewa ruhusa ya kulima, ndiyo moyo wa kesi, na haikuandikwa popote. Wanamleta, wanakaa, anasema. Mara nyingi wanaafikiana: aliyejenga anabaki na alipojenga na kulipa kitu, sehemu isiyojengwa inarudi kwa mwenyewe.

Kuna hatari zake. Mzee ni mtu wa ukoo, si mwamuzi kutoka mbali, na anaweza kuvutwa na upande wa damu yake au na bahasha. Dalili iko wazi kwa anayejua: mpaka wake unatajwa kwa nyumba mpya badala ya miti na mikondo, au wazee wa upande wa pili hawakuitwa. Ardhi ikishapanda bei, kumbukumbu nayo hupata mnunuzi.

Lakini hatari kubwa zaidi iko ndani ya sheria, na imeandikwa kwa lugha tulivu mno. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 iliifanya ardhi yote ya Kongo kuwa ya dola. Kuhusu ardhi zinazokaliwa kimila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais, na amri hiyo haikutoka. Juu ya hayo, cheti cha kuandikishwa kwa ardhi, kikishatimiza miaka 2, hakiwezi tena kushambuliwa na mwenye madai ya zamani. Familia iliyokaa Nyarugusu miaka 10 ingeweza kurudi na mashahidi wote wa ukoo ikakuta mlango umefungwa zamani.

Kuna sehemu moja ambapo sheria hiyo inamlazimisha afisa kuwasikiliza watu. Ni uchunguzi wa awali wa kifungu cha 193 na vinavyofuata: kabla ya ardhi kutolewa, afisa huenda pale, hutazama nani anaikalia, na huuliza ni haki gani watu wengine wanazo juu yake. Hapo ndipo mzee wa Fizi anapoingia katika utaratibu wa dola kwa mlango wa mbele. Ila uchunguzi huo umewekwa kwa ardhi za mashambani, na ardhi ya mjini ni ile iliyo ndani ya mipaka ya maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mji.

Mwaka 2013 amri ya serikali ilizipa Baraka, Uvira na Kamituga hadhi ya miji. Utekelezaji ulichukua miaka, lakini maana yake inaonekana. Pale ambapo zamani shefu wa kimila aliulizwa kuhusu ardhi, sasa kuna mea, komini, na shefu wa kartie anayewekwa kwa uteuzi, anayeweza kuwa kijana wa miaka 35 mwenye muhuri. Lililokuwa shamba la mihogo limekuwa avenyu. Na katika mstari huohuo wa ramani, mzee aliyekuwa shahidi ambaye afisa alipaswa kumsikia amekuwa mtu anayeitwa kwa hisani, akiitwa.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye umri mkubwa haki ya ulinzi maalumu. Ni jambo jema, na kwa wanawake wazee wa Baraka, wanaolea wajukuu walioachwa na watoto wao waliokufa vitani kwa faida ya beseni moja la ndagala, ni deni ambalo halijalipwa. Kwao hata lubunga haikuwa na kiti. Walichokijua kuhusu mashamba, na wao ndio walioyalima, walikisema kwa kupitia kaka au mtoto wa kiume. Shefu wa kartie anayetaka kujua shamba liliishia wapi mwaka 1996 angeanza na wao, kabla ya wale wanaume wanaokuja wenyewe. Maelezo yao yakiandikwa kwenye hati ya mashahidi, yakasainiwa pande zote mbili zikiwapo, na nakala ikafika kwa mhifadhi wa hati za ardhi kabla ya miaka 2 ya cheti kwisha, jaji wa mahakama atakuwa na karatasi ya kuweka mbele ya karatasi.