"Halisi" kwenye tangazo la wigi

Muuzaji wa Buzebazeba akiandika "wigi halisi, inchi 14", wengi husoma nywele za binadamu. Wapo wanaoliita halisi hata la plastiki, mradi ling'ae vizuri, na mnunuzi hugundua pasi ikishayeyusha ncha.

Unywele mmoja ukichomwa husema kweli: wa binadamu hunuka na kuacha majivu yanayosagika, wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Tangazo la haki lingesomeka: "Nywele za binadamu, za mawimbi, inchi 14 zikinyooshwa, pasi isizidi nyuzi 180 za Selsiasi, zianikwe kivulini." Hilo "zikinyooshwa" lisiachwe, kwani mawimbi hufupisha. La plastiki ya kawaida liandikwe wazi: "Lisipigwe pasi."