Mwezi mmoja wa kuandika chini ya picha: namna ya kupanga ili matangazo yasimeze mengine

Wafanyabiashara wengi wa mijini sasa wanaonyesha bidhaa zao kwenye hali ya WhatsApp na kwenye Facebook. Picha iko, na chini yake kuna maneno machache. Shida ni kwamba maneno hayo mara nyingi ni yale yale kila siku: bei, namba ya simu, « karibuni ». Kisha wiki mbili watu wanapita bila kusoma.

Tuchukue mfano wa mama mshonaji wa Butembo anayejitayarisha kwa tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, wakati wamama wengi wanavaa kikwembe. Februari ikiwa na siku 28, kutoka tarehe 9 Februari mpaka 8 mwezi wa tatu ni wiki nne kamili. Anaamua kuweka picha nne kwa wiki, maana yake 16. Kati yake, 4 ni matangazo ya kuuza, 7 ni mafundisho, na 5 ni ya kuchekesha ao kuburudisha.

Matangazo yanapangwa ya kwanza

Katika daftari anachora mistari minne, mmoja kwa kila wiki. Anaanza na matangazo kwa sababu ndiyo yanafungwa na tarehe. Wiki ya kwanza: kupokea vipimo kumefunguliwa. Wiki ya pili: bei na avansi. Wiki ya tatu: tarehe ya mwisho. Wiki ya ine: siku ya kuja kuchukua nguo. Kila tangazo linabeba habari mpya, kwa hiyo hakuna sababu ya kulirudilia.

Nafasi zilizobaki anajaza na yale anayoyajua kwa kazi yake. Wiki tatu za kwanza zinapata mafundisho mawili na burudani moja. Wiki ya mwisho, wakati watu wako na furaha, anageuza: fundisho moja, burudani mbili.

Kitambaa kimoja, maandishi matatu

Hana lazima ya kutafuta vitu vipya 16. Kikwembe kimoja kinaweza kuzaa maandishi ya aina zote tatu:

Tangazo: « Nguo ya tarehe 8: tunapokea vipimo mupaka tarehe 28 Februari. Kisha hapo, cherehani iko imejaa. »

Fundisho: « Kikwembe kipya cha pamba? Ukiloweke mu maji ya baridi na ukikaushe mbele ya kukata. Kama kitapunguka, kipunguke sasa, hapana kisha kushonwa. »

Burudani: « Mama anasema: unishonee sawa ile ya kwa picha. Kwa picha: gauni la mupaka chini, mikono mirefu. Kitambaa alileta: yadi 2. Fundi afanye namna gani? »

Tangazo lililojificha

Hapa ndipo mpango unaharibika mara nyingi. Fundisho la kuloweka kitambaa likimalizika na « njoo kwetu, bei ni nzuri », limekwisha kuwa tangazo. Mwishoni mwa mwezi, 4 zimekuwa 11. Njia ya kupima ni rahisi: ufunike jina la duka na bei, kisha usome. Mtu ambaye hatanunua kitu leo, je, amepata jambo la kwenda nalo nyumbani? Kama hapana, uihesabu kati ya matangazo.

Kujua kama watu wamechoka

Hali ya WhatsApp inapotea kisha saa 24, kwa hiyo mama anaandika katika daftari idadi ya walioiona mbele haijapotea. Analinganisha tangazo na tangazo, fundisho na fundisho. Idadi ikishuka wiki kwa wiki, inawezekana watu wamemzima sauti, maana WhatsApp haimwambii mwenye kuweka kwamba amezimwa. Hesabu hiyo si kamili: waliofunga alama ya kusoma hawaonekani. Tena, kuona si kununua. Ndiyo maana kila anayeleta kitambaa anaulizwa: « Ulituona wapi? », na jibu linaandikwa pembeni ya jina lake.

Maandishi yote 16 anaweza kuyaandika siku moja umeme ukiwako na kuyahifadhi katika simu. Lakini nafasi za matangazo zibaki kwa kalamu ya risasi. Kazi ikijaa tarehe 24, tangazo la « tarehe ya mwisho » linafutwa, na mahali pake panawekwa neno moja la ukweli: « Tumejaa. » Kuendelea kuita watu wakati cherehani haiwezi tena, hiyo njo inaleta ugomvi asubuhi ya tarehe 8.