Kiholanzi: sababu gani kitenzi kinakimbilia mwisho wa sentensi

Wakongomani wengi wanaohamia Antwerpen ao Gent, kule Ubelgiji, wanakuta lugha ya ofisi na ya mwenye nyumba ni Kiholanzi, ile inayoitwa pia Kiflama. Mtu aliyezoea Kiswahili na Kifaransa anaweka kitenzi karibu na mtenda, kisha anaendelea. Katika Kiholanzi, mazoea hayo hayatoshi.

Mfano ni mpangaji anayeanza kujifunza. Nyumba yake haipate joto wakati wa baridi, naye anamuandikia mwenye nyumba barua pepe hii:

"Ik schrijf u omdat de verwarming werkt niet. Kunt u mij laten weten wanneer u komt langs?"

Ni kusema: "Ninakuandikia kwa sababu mashine ya joto haitumike. Unaweza kunijulisha ni wakati gani utapitia?"

Kosa la kwanza liko nyuma ya "omdat" (kwa sababu). Neno hilo linafungua sentensi ndogo inayotegemea ile kubwa, na humo kitenzi "werkt" kinapaswa kungojea mwisho: "omdat de verwarming niet werkt". Maneno "dat" (kwamba), "als" (kama) na "wanneer" (wakati gani) yanafanya vilevile. Lakini "want", ambalo nalo ni "kwa sababu", halisogeze kitu: "want de verwarming werkt niet" ni sawa kabisa.

Kosa la pili ni "komt langs". Kitenzi chenyewe ni "langskomen", kupitia kwa mtu. Katika sentensi inayojisimamia, kinakatika vipande viwili: "U komt morgen langs" (Utapitia kesho). Kipande "langs" kinabaki mwisho. Nyuma ya "wanneer", kitenzi kinaenda mwisho, kinakuta kipande chake kule, na vyote viwili vinaandikwa neno moja: "wanneer u langskomt".

Mwenye nyumba ataelewa barua hiyo hata na makosa yake. Hatari kubwa iko katika kusoma jibu lake. Kama anaandika:

"Ik zeg het huurcontract om persoonlijke redenen op."

Mwenye kusoma haraka anaona "Ik zeg", ni kusema "ninasema", na anatulia. Kumbe "op" ya mwisho inarudi kushikamana na "zeg": kitenzi ni "opzeggen", kuvunja mkataba. Mwenye nyumba anamaliza mkataba wa kupanga, kwa sababu zake za kibinafsi.

Kwa hiyo, mbele ya kufungua kamusi, jicho litoke kwenye kitenzi na kufika mpaka mwisho wa sentensi. Kama kule kuna neno fupi limebaki peke yake, sawa "op", "af", "uit" ao "langs", lijaribiwe mbele ya kitenzi: "op" na "zeggen". Neno linalopatikana, "opzeggen", ndilo la kutafuta katika kamusi, wala si "zeggen".