Mali halisi: hesabu ya mara moja kwa mwaka

Wahasibu wamezoea kutofautisha faida ghafi na faida halisi. Kwa mtindo huohuo, mali halisi ni kinachobaki ukitoa madeni yako yote katika thamani ya vyote unavyomiliki. Wapo wanaosema utajiri halisi, lakini neno hilo linakwama pale madeni yanapozidi mali, kwa kuwa hakuna utajiri ulio chini ya sifuri.

Kutoa ni rahisi. Kazi iko kwenye kupanga bei. Chukua mfano wa mwalimu wa Morogoro. Desemba iliyopita alikuwa na kiwanja cha shilingi milioni 8, pikipiki ya milioni 2, akiba ya milioni 1.5 kwenye SAKOSI na laki 5 benki. Jumla milioni 12. Alidaiwa na benki milioni 5, hivyo mali yake halisi ilikuwa milioni 7.

Mwaka huu jirani kauza kiwanja kama chake kwa milioni 10, naye akaandika hiyohiyo. Pikipiki imechakaa, sasa ingeuzwa milioni 1.5. Akiba ya SAKOSI imefika milioni 2.1, benki kuna laki 4. Jumla milioni 14. Mkopo umebaki milioni 3.5. Hapo aliandika salio aliloambiwa na benki. Angejumlisha marejesho yote yaliyobaki angezidisha deni, kwani ndani yake mna riba ya miezi ambayo bado haijafika.

Kuna deni jingine ambalo wengi hulisahau: upatu. Wanacheza watu 10, kila mmoja elfu 50 kwa mwezi, naye alipokea laki 5 zamu ya nne. Fedha alishazitumia, ila bado anadaiwa michango sita, yaani laki 3. (Angekuwa wa mwisho kupokea, michango aliyokwishatoa ingehesabiwa kuwa mali, ilimradi wenzake ni waaminifu.)

Madeni ni milioni 3.8, mali halisi milioni 10.2. Ongezeko ni milioni 3.2, lakini milioni 2 kati ya hizo zimetokana na bei ya kiwanja, na hajakiuza. Akikiacha kwenye milioni 8, ongezeko linakuwa milioni 1.2. Hiyo ndiyo namba ninayoiamini, maana inaonyesha alicholipa na alichoweka, baada ya kuondoa uchakavu wa pikipiki. Na hata hiyo ipimwe dhidi ya mfumuko wa bei: bei zikipanda asilimia 4, milioni 7 za mwanzo zinahitaji laki 2.8 ili tu zibaki palepale.

Tarehe nayo isibadilike. Mwaka huu ukihesabu siku ya pili baada ya mshahara, na mwaka ujao siku moja kabla yake, salio la benki litakuonyesha anguko ambalo halikutokea.