Nukta iliyopoteza kazi: kwa nini "Sawa." ya mama inakutisha

Hebu soma meseji hizi mbili:

Sawa

Sawa.

Neno ni lile lile. Lakini kama una miaka ishirini na kitu, huenda hiyo ya pili imekufanya ujiulize umekosea wapi. Kama una miaka sitini, huenda hujaona tofauti yoyote, au umeona tu kwamba aliyeandika ya pili alimsikiliza mwalimu. Ili kujua ugomvi huu umetoka wapi, inabidi tuifuate nukta yenyewe tangu ilipoanza.

Tuanzie Iskanderia, Misri, mwaka 200 KK hivi. Wakati ule Kigiriki kiliandikwa herufi zikiwa zimeshikana, bila nafasi kati ya maneno, na msomaji alisoma kwa sauti. Mkuu wa maktaba ya mji huo, Aristofane wa Bizanti, akabuni njia ya kumsaidia: nukta zinazowekwa juu, katikati au chini ya mstari. Ile ya juu ilimwambia msomaji kwamba maneno yamekamilika, pumua vizuri. Zile mbili nyingine zilikuwa za mapumziko mafupi zaidi. Kwa hiyo nukta ilizaliwa ikiwa alama ya sauti, wala haikuwa ya sarufi. Kuwa alama ya kufunga sentensi, ile unayokatwa maksi ukiisahau, kulikuja polepole baadaye, watu walipozoea kusoma kimya.

Kwetu nukta ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na katika barua za zamani za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nukta ni sehemu ya herufi: moja chini ni b, mbili juu ni t. Kwa kawaida barua hizo hazikuwa na alama ya kufunga sentensi, na wasomaji walielewana vizuri tu. Nukta ya kufunga sentensi tuliipata pamoja na herufi za Kirumi, vitabu vya kuchapwa na shule. Ndiyo maana kwa wazazi wetu wengi inabeba harufu ya darasani: kuiweka ni adabu.

Sasa njoo kwenye simu. Meseji ya kawaida ya SMS ina nafasi ya herufi 160, na namba hiyo haikuokotwa hewani. Mtandao ulitoa nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Ukiandika kila herufi kwa biti 7, unapata 160. Na kwa kuwa kila meseji ililipiwa, mtu alibana kila kitu ndani ya moja: salamu, habari ya mgonjwa, ombi la nauli. Sentensi nne zikiwa zimebanana hivyo, lazima kitu kizitenganishe, kwa hiyo nukta bado ilikuwa na kazi.

Kilichoiondoa kazini ni bei. Tulipohamia kwenye vifurushi vya intaneti na programu kama WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, meseji moja ya ziada haikuwa na gharama ya kuhisi. Mtu akaanza kutuma kila wazo peke yake: "nimefika", tuma, "mvua huku balaa", tuma. Kitufe cha kutuma ndicho kikawa nukta. Ukishatuma, sentensi imeisha na kila mtu anaona imeisha. Sasa mtu akiweka na nukta juu yake, msomaji kijana anauliza: hii ya nini tena? Kwa kuwa haihitajiki kutenganisha chochote, anadhani imewekwa makusudi. Anaisikia kama sauti iliyoshuka na mlango uliofungwa. Ukiangalia vizuri, nukta imerudi kwenye kazi yake ya Iskanderia, kuonyesha sauti, ila safari hii sauti yenyewe ni ya ukali.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi: mtu anaalikwa mahali, anajibu kwa neno moja, mara lina nukta, mara halina. Katika meseji, jibu lenye nukta lilionekana kuwa na moyo mdogo kidogo. Majibu hayo hayo yalipoonyeshwa kama vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo kinachobadilisha maana ya nukta ni mahali inapowekwa. Lakini tusiuvute utafiti huu kupita uwezo wake: tofauti ilikuwa ndogo, lugha ilikuwa Kiingereza, na waliopimwa wote walikuwa wanafunzi. Hauwezi kutuambia wazee wanaonaje.

Upande wa wazee unaonekana vizuri zaidi kwenye nukta tatu, zile ambazo baadhi yetu shuleni tuliziita dukuduku. Chukua mfano wa kubuni. Kijana anamwandikia mama yake kwamba Jumapili hataweza kwenda nyumbani, ana mtihani. Mama anajibu:

Sawa mwanangu... soma vizuri... tutaonana Mungu akipenda...

Kijana anasoma na moyo unaruka. Mama anaficha nini? Kuna mgonjwa? Mwanaisimu Gretchen McCulloch, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu lugha ya intaneti, anaeleza kwamba watu waliozoea kuandika kadi na barua fupi kabla ya intaneti walitumia vidoti au vistari kama kitenganishi cha kawaida. Huhitaji kuamua kama hapa ni mkato au nukta, na nafasi haipotei. Kwa mama, vile vidoti ni pumzi tu kati ya baraka tatu. Kwa kijana, ambaye angetuma meseji tatu, ni maneno yaliyomezwa. Na mama naye akipokea meseji sita za neno moja moja, simu ikilia mfululizo, anaweza kudhani mwanawe amevurugwa au hana adabu.

Emoji zina ugumu wa ziada, maana hakuna shule iliyowahi kufundisha matumizi yake. Hii 😂 kwa wengi waliopita arobaini ni kicheko tu. Vijana wengi wanaiona imepitwa na wakati, na wakicheka sana wanatuma 😭 au 💀. Mtoto akimjibu mzazi 💀, mzazi anaweza kuanza kuuliza nani amefariki. Lakini si kila mkanganyiko ni wa umri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba emoji moja huchorwa tofauti kati ya simu na simu, kiasi kwamba uso uliotumwa ukiwa na furaha ulifika ukionekana umeuma meno.

Basi utajuaje kama nukta uliyopokea ni hasira? Rudi juu, usome meseji kumi za nyuma za mtu huyo huyo. Kama zote zinaishia na nukta, hiyo ni tabia ya mkono wake, haina ujumbe. Kama huwa haweki na leo ameweka, tena kwenye jibu la neno moja, hapo una sababu ya kuuliza. Angalia pia urefu: ndani ya meseji ya sentensi tatu nukta bado inatenganisha, kwa hiyo haisemi kitu kuhusu moyo wa mtu. Na usihesabu miaka peke yake. Mzee wa miaka 60 anayeshinda kwenye magrupu na wajukuu anaweza kuandika kama wao, na karani wa miaka 25 anayeandika barua za ofisi kutwa anaweza kuweka nukta mpaka kwenye "haya."

Ukishindwa kabisa, piga simu. Sauti utaisikia mwenyewe.