Ujumbe wa bosi baada ya kazi: je, unaweza kuadhibiwa usipojibu?

Unafanya kazi Kigali, umeshafika nyumbani, na saa 3 usiku simu inalia: bosi ameandika WhatsApp. Je, ni lazima ujibu?

Sheria inasema nini?

Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018, haitaji waziwazi "haki ya kuzima simu" kama ile ya Ufaransa, iliyoanza tarehe 1 Januari 2017. Lakini inaweka mpaka wa saa za kazi. Marekebisho ya mwaka 2023 yalishusha kiwango cha juu kutoka saa 45 hadi saa 40 kwa wiki. Saa za ziada zinahitaji makubaliano kati yako na mwajiri, na zinapaswa kufidiwa.

Je, unaweza kuadhibiwa?

Angalia kwanza mkataba wako. Chukua mfano wa muuza duka wa Kicukiro. Mkataba wake unasema saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku tano. Bosi anamtumia ujumbe usiku akitaka hesabu ya bidhaa, naye anajibu kesho yake saa 3 asubuhi. Akipewa onyo la maandishi, ana hoja nzuri: hakukosa kazi, na hakukubali saa za ziada.

Mambo hubadilika ikiwa mkataba unasema uko zamu ya kuitwa usiku, kama mlinzi au fundi wa hoteli. Hapo kukaa kimya kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Pia, ukiwa umezoea kujibu kila usiku bila kusema neno, mwajiri anaweza kudai kwamba mlikubaliana.

Ufanye nini?

Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa, kisha andika kwenye daftari muda uliotumia. Dakika 45 kwa usiku nne ni saa 3 za kazi, na hizo unaweza kuzidai.

Ukipewa onyo, omba sababu kwa maandishi na utoe maelezo yako kwa maandishi pia. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba mtu akusomee kwanza.

Mgogoro huanza kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kama wapo. Usipotatuliwa, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya ilipo kampuni: Gasabo, Kicukiro au Nyarugenge. Mahakama huja baada ya hapo.

Je, mimi ni mkimbizi, nina haki hiyo?

Ndiyo. Mkimbizi mwenye mkataba wa kazi analindwa na sheria hiyohiyo. Lakini kama kazi yako si rasmi, kwa mfano kazi za nyumbani bila mkataba, sheria hii inakugusa kwa baadhi ya mambo tu. Kwa hiyo kubaliana na mwajiri mapema kuhusu saa za kazi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na uuhifadhi.