Wimbo wa Kuaga au wa Maagano?

Chukua ratiba ya mahafali ya kidato cha nne, yoyote ile, upitishe jicho. Baada ya dua, utambulisho na igizo, na kabla ya risala, utakuta kipengele kimoja ambacho shule huandika kila moja kivyake: "wimbo wa kuaga", "wimbo wa kuagana", "wimbo wa kuwaaga wahitimu", "wimbo wa buriani". Waandaaji huyaona majina haya kuwa kitu kimoja. Sivyo, na anayetunga wimbo asipolijua hilo atatunga wimbo wa watu wengine.

Tuanze na *kuaga*. Anayeaga ni anayeondoka, naye humwaga anayebaki. Lakini desturi imeruhusu pia wanaobaki "kuwaaga" wanaokwenda, ndiyo maana kidato cha tatu husimama na kuwaaga kaka na dada zao bila mtu kushangaa. Basi "wimbo wa kuaga" hautuambii nani anaimba. Aidha kitenzi hiki kina kivuli cha msiba. Tulikuwa tunasema mtu "ameaga dunia"; siku hizi, hasa katika habari za Kenya, dunia imedondoshwa na kubaki "ameaga". Mwandishi wa habari za shule akitoa kichwa kisemacho "Kidato cha nne waaga", mzazi aliye mbali anaweza kutafuta nauli.

*Buriani* ni zito zaidi. Ni kuagana kwa mwisho, pamoja na kuombana radhi: nisamehe nilipokukosea, nami nimekusamehe. Waliokuwa wakipanda chombo cha safari ndefu walitakana buriani, na anayekata roho hutakana buriani na jamaa zake. Kwa vijana ambao baada ya miezi michache watakutana stendi ya basi wakicheka, neno limewapwaya. Hata hivyo ile sehemu ya kuombana radhi ni johari isiyofaa kutupwa. Darasa lililokaa miaka minne pamoja lina madeni ya ndoo zilizoazimwa na maneno yaliyotoka vibaya. Mtungaji hodari huipa buriani ubeti mmoja, asiipe wimbo wote.

Nao hao wanaoimbiwa tunawaitaje? *Wahitimu*. Mzizi wake ni wa Kiarabu, maana yake kutia muhuri, kufikisha kitu tamati. Madrasani mwanafunzi huhitimu akiufikisha msahafu mwisho, na *hitima* isomwayo kwa ajili ya marehemu ni ndugu wa tumbo moja na neno hilo. Sasa tazama kalenda ya Tanzania: mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanywa kuanzia Novemba, na mahafali kwa kawaida hutangulia. Joho limevaliwa, keki imekatwa, muhuri bado. Kwa haki yake neno, hawa ni wahitimu watarajiwa. Kusema *wamefuzu*, kama wapendavyo wengi Kenya, ni kuzidi kukimbia, kwa sababu kufuzu ni kushinda, na mtihani haujakaliwa. Fuzu ikae chuoni, siku cheti kinapotolewa.

*Mahafali* lenyewe halina kosa. Asili yake ni mikusanyiko, nalo lina undugu na *hafla*. Halidai kwamba mtu amemaliza chochote. Ladai tu kwamba watu wamekusanyika. Mpishi aliyekoroga makande kwa miaka yote minne yumo ndani ya neno hilo sawa na mwenye joho.

Twende kwenye kiungo cha wimbo kinachonipendeza kuliko vyote: ule mstari unaorudiwa. Kiswahili kimeupa majina manne, na kila moja limeutazama mstari huo kutoka pembe yake. *Mkarara* limetazama marudio: jambo limekaririwa, basi. *Kibwagizo* limetokana na kubwaga. Mwimbaji amebeba ubeti, amefika, ameutua mzigo. *Kiitikio* limewatazama wasikilizaji: wameitwa, wameitika. *Kipokeo* limetazama mikono: mmoja ametoa, mwingine amepokea.

Katika ushairi wa kuandikwa, kibwagizo kibaki mahali pake. Katika kwaya, kiitikio hakina mpinzani. Lakini katika wimbo huu natetea kipokeo, neno linalosinzia katika vitabu vya ushairi. Mpangilio wake uwe hivi: kidato cha nne waimbe beti na mstari wa kurudia, kisha mara ya mwisho wanyamaze, na kidato cha tatu waupokee mstari ule ule wakiwa wamekaa kwenye madawati yao. Hapo jina litakuwa linasema kinachotendeka ukumbini.

Halafu kuna ucheshi, na hapa ndipo nyimbo nyingi za mahafali huharibika. Tuna *mzaha*, *masihara*, *dhihaka*, *kejeli*, *kebehi*, *kijembe*. Haya ya mwisho yana makali, na kijembe hakifichi: ni jembe dogo, linachimba. Neno la wimbo huu ni *utani*. Utani una sheria ambazo mzaha hauna. Mchaga na Mpare wanataniana kwa sababu wanajuana kuwa ni watani. Atakayetaniwa leo atatania kesho, na kununa hakuruhusiwi. Tena mtani huyo huyo ndiye anayeonekana msibani akifanya kazi na kuchekesha waliolia. Utani kwa hiyo ni uhusiano kwanza, maneno baadaye.

Nijaribu kuonyesha kwa ubeti niliouunda kwa ajili ya makala haya, tarbia ya mizani minane kwa minane:

*Kiranja wetu wa bweni, kelele hapendi kamwe,*
*Hutuamuru laleni, na taa sasa izimwe,*
*Mkoromo wake ndani, yafaa nao uzimwe,*
*Twaagana kwa utani, asiyecheka asemwe.*

Kazi yote imefanywa na kitenzi *zima*. Kiranja aliamuru taa izimwe, darasa linaomba mkoromo nao uzimwe; amri yake mwenyewe imemrudia. Kilichochekwa ni usingizi, ambao hauna aibu. Badilisha mkoromo uweke alama zake za hisabati, au viatu vyake vilivyotoboka, vina vitakubali na mizani itatimia, lakini utani utakuwa umekufa na kejeli imekaa kitini pake. Kuna namna nyepesi ya kupima: mpe kiranja mwenyewe aongoze ubeti huo. Akiweza kuuimba bila sauti kukwama, ni utani. Akiomba mwingine amwimbie, ufute.

Hapo turudi kwenye jina. Wanaoimba ni wanadarasa, wanaimbiana wao kwa wao, basi kitenzi chao kinataka kile kiambishi cha kutendana: *kuagana*. Nacho kina utajiri ambao *kuaga* hakina, maana kuagana ni kupeana kwaheri na pia ni kuwekeana ahadi. Watu "wameagana wakutane saa nne", na *agano* tunalijua hadi katika vitabu vya dini. Mstari wa mwisho wa nyimbo hizi karibu kila mara ni ahadi: tutakumbukana, tutarudi, tutatafutana.

Kwa hiyo pendekezo langu ni *wimbo wa maagano*. Najua atakayelalamika kwamba linanukia kanisani. Linanukia kidogo, lakini *kuhitimu* lilitoka chuoni kwa walimu wa Kurani na leo hakuna anayeligeuzia pua. "Wimbo wa kuwaaga" ubaki kwa kidato cha tatu, kwa kuwa wao kweli wanawaaga wenzao. Mlio katika kamati za mahafali mwaka huu, kabla ratiba haijapelekwa kuchapwa, kiandikeni kipengele hicho kwa jina la wale watakaosimama kuimba.